Mtoto Humtazama Nani? Sokwe wa Gombe, Dagaa wa Kibirizi na Nadharia Tatu za Majukumu ya Kijinsia

Mtoto wa kiume wa kaka yangu alipokuwa na miaka minne alikuwa akianika dagaa na bibi yake karibu kila asubuhi. Nyumba yao iko juu kidogo ya mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma mjini, na siku ambazo boti zilirudi na mzigo mzuri alikuwa akishuka na bibi, anachota dagaa kwa bakuli lake dogo la plastiki, anawatawanya juu ya kichanja na kuwatenganisha kwa vidole mpaka kila mmoja alale peke yake. Alipotimiza miaka mitano akaacha. Hakukuwa na ugomvi wala kipigo, na hakuna aliyemkataza. Bibi alimwita asubuhi moja, naye akajibu kwa utulivu wa mtu mzima kwamba hiyo ni kazi ya akina mama, akaenda zake kusukuma gari lake la waya.

Jibu hilo lilinisumbua kwa sababu baba yake mwenyewe huanika dagaa. Si kila siku, lakini mawingu yakikusanyika upande wa Kongo na upepo ukianza kubadilika, kila mtu pale mwaloni hukimbilia vichanja, mwanamume kwa mwanamke, kwa kuwa dagaa wakinyeshewa kabla ya kukauka huvunda na bei yake huanguka. Jioni moja, siku moja baada ya mvua ya namna hiyo, nilimwuliza mtoto ni nani waliokusanya dagaa jana. Akasema, “Bibi na mama.” Nikamwuliza, “Na baba je?” Akafikiri, akasema baba alikuwa anatengeneza mashine ya boti. Nami nilikuwepo, na nilimwona kaka yangu akiwa amebeba turubai lililojaa dagaa kichwani huku mwanawe akimfuata nyuma.

Saikolojia ya makuzi ina maelezo makubwa matatu kuhusu namna mtoto anavyofikia jibu kama hilo. Mijadala yetu mingi huyaweka maelezo hayo kama timu tatu zinazogombea kombe moja: malezi, akili na damu. Kwa maoni yangu mpangilio huo unapoteza swali lenyewe. Tukiuliza jambo moja dogo, yaani mtoto humtazama nani na kwa nini humtazama huyo badala ya mwingine, tutaona kwamba kila nadharia inajibu sehemu yake, na tutaona pia sehemu ambayo kila moja inakwama.

Nianze na nadharia ya kujifunza kijamii, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu zaidi na namna wazazi wetu wanavyofikiri. Kwa mujibu wake mtoto wa kiume hutenda kama wanaume kwa sababu amewaona wanaume wakitenda hivyo, na kwa sababu akifanya hivyo husifiwa, na akifanya vingine huchekwa. Albert Bandura na wenzake walijulikana kwa jaribio lao la mwaka 1961, ambamo watoto wa shule ya awali walimwona mtu mzima akilipiga mdoli mkubwa wa kujazwa upepo, nao wakaiga. Jaribio linalotufaa zaidi hapa ni lile Bandura alilolichapisha mwaka 1965. Watoto walionyeshwa filamu ya mtu akifanya vurugu kwa mdoli. Baadhi waliona akituzwa, baadhi akiadhibiwa, na baadhi hawakuona tokeo lolote. Walipoachwa wacheze, wavulana waliiga zaidi kuliko wasichana, na waliomwona mtu akiadhibiwa waliiga kidogo. Kisha watoto wote wakaahidiwa zawadi kwa kila kitendo watakachoweza kukirudia. Hapo tofauti zilizoletwa na tuzo na adhabu zikatoweka, na pengo kati ya wavulana na wasichana karibu likafutika lote.

Maana yake ni kwamba wasichana walikuwa wamejifunza kila kitu walichojifunza wavulana, ila hawakukitenda. Tofauti haikuwa katika kujua, bali katika kuamua kwamba kitendo kile ni chao au si chao. Hili linafaa kukumbukwa kila tunapomwona mtoto wa kiume asiyeweza kusonga ugali au mtoto wa kike asiyeweza kuziba pancha ya baiskeli. Mara nyingi kujua anakujua. Mtoto wa kaka yangu hakusahau kutenganisha dagaa.

Nadharia hii hukwama inapoegemea mno tuzo na adhabu za wazazi. Mwaka 1991 Hugh Lytton na David Romney walikusanya tafiti 172 kuhusu namna wazazi wanavyowatendea watoto wa kike na wa kiume, nyingi zikiwa za Amerika ya Kaskazini, wakaona kwamba katika mambo mengi, kama upendo, ukali na kiasi cha kuzungumza nao, tofauti ilikuwa ndogo mno. Mahali ilipojitokeza wazi ni katika kuwahimiza watoto wafanye shughuli na wachezee vitu vinavyohesabiwa kuwa vya jinsi yao. Huku kwetu ningetarajia pengo kubwa zaidi, hasa katika ugawaji wa kazi, na ushahidi bora wa nguvu ya kazi unatoka kwa jirani zetu. Mwanaanthropolojia Carol Ember alifanya utafiti miongoni mwa Wajaluo wa magharibi mwa Kenya, akauchapisha mwaka 1973. Alikuta wavulana ambao, kwa kukosa dada wa umri unaofaa nyumbani, walipewa kazi zinazohesabiwa kuwa za kike. Wavulana hao hawakuwa wagomvi kama wenzao, na kwa tabia walisimama katikati ya wavulana wengine na wasichana, hata katika saa ambazo hawakuwa kazini. Kazi za ndani ya nyumba ndizo zilizoonekana kuwa na athari zaidi. Hawakuchagua wenyewe kazi hizo. Mpangilio wa uzazi wa mama zao ndio uliowapa, na kwa hiyo ni vigumu kusema kwamba walizaliwa wapole ndipo wakatafuta kazi za upole.

Ila mtoto wetu wa Kibirizi alikuwa na kazi hiyo tayari, na bibi alikuwa akimsifu kwa sauti, na bado aliiacha. Hapa ndipo nadharia ya utambuzi inapoingia.

Lawrence Kohlberg, mwaka 1966, aligeuza mpangilio wa mambo. Badala ya kusema mtoto hutuzwa kwa mambo ya kiume kisha akajiona mvulana, alisema mtoto hujitambua kwanza kuwa mvulana, ndipo akaanza kutafuta mambo ya kiume kwa sababu kuyafanya kwenyewe kunampa raha ya kuwa yeye. Utambuzi huo, kwa maelezo yake, hupanda ngazi tatu. Kwanza, karibu na miaka miwili au mitatu, mtoto hujua kutaja jinsi yake. Baadaye hujua kwamba mvulana wa leo atakuwa mwanamume kesho. Mwisho, kati ya miaka mitano na saba hivi, hujua kwamba jinsi haibadiliki hata mtu akibadili nguo au kazi. Ngazi hizi zilichunguzwa pia nje ya Marekani: Robert Munroe na wenzake, mwaka 1984, waliwahoji watoto wa Belize, Nepal, Samoa ya Marekani na Walogoli wa Kenya, wakakuta ngazi zilezile zikifuatana kwa mpangilio uleule.

Hata hivyo, kuhoji huko kuna mitego, na anayetaka kujaribu kwa Kiswahili aifahamu. Swali la kawaida huuliza kama mtoto anaweza kuwa wa jinsi nyingine akivaa nguo za jinsi hiyo. Nilimwuliza mtoto yule: “Ukivaa gauni la dada yako, unakuwa msichana?” Akacheka, akasema ndiyo. Nikamwuliza tena, “Unakuwa msichana kweli, au unajifanya?” Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jambo la kijinga, akasema, “Najifanya, Shangazi.” Watafiti Carol Martin na Charles Halverson walilionyesha tatizo hili mwaka 1983: watoto wengi wanaohesabiwa kuwa hawajui kwamba jinsi haibadiliki wanajibu wakiwa katika mchezo wa kuigiza. Mtihani unapima wameelewa swali la namna gani, na sisi tunadhani unapima wanachokijua.

Kuna mtego wa pili ambao ni wetu sisi. Kiswahili hakimtengi mwanamume na mwanamke katika viwakilishi; “yeye” ni yeye, na “alikuja” haisemi ni nani aliyekuja. Kiha, kinachozungumzwa na wengi mkoani hapa, nacho ni vivyo hivyo. Mtoto wa Kiebrania, kinyume chake, hawezi hata kuambiwa “wewe” bila kutajwa jinsi yake. Alexander Guiora na wenzake, mwaka 1982, waliwalinganisha watoto wanaojifunza Kiebrania, Kiingereza na Kifini, lugha ya mwisho ikiwa haina “yeye” wa kike na wa kiume kama ilivyo yetu, wakakuta watoto wa Kiebrania wakiwahi kutambua jinsi yao na wale wa Kifini wakichelewa. Kwa kipimo hicho mtoto wa Kigoma angetarajiwa kuchelewa kidogo. Lakini Kiswahili hufidia kwa njia nyingine, kwani nyumba zetu zimejaa kaka, dada, shangazi, mjomba, bibi na babu, na mtoto hapiti nusu saa bila kutumwa kwa mmoja wao. Sidhani kwamba tunaweza kulipima jambo hilo kwa kutafsiri tu dodoso la Kiingereza.

Udhaifu mkubwa wa Kohlberg ni wa kalenda. Kama mtoto husubiri kujua kwamba jinsi haibadiliki ndipo ajipangie mambo ya jinsi yake, mbona watoto wa miaka miwili na nusu tayari wanachagua vitu vya kuchezea kwa mkondo huo? Nadharia ya skima, iliyowekwa na Martin na Halverson mwaka 1981, inalijibu swali hili kwa unyenyekevu zaidi, nami naiona kuwa na nguvu kuliko ya Kohlberg. Inasema jina tu linatosha. Mtoto akishajua kwamba kuna makundi mawili na kwamba yeye ni wa hili, huanza kuweka mambo katika mafungu mawili kichwani, na fungu hilo huongoza anachokitazama, anachokikumbuka na anachokisahau. Utafiti wa Kristina Zosuls na wenzake, uliochapishwa mwaka 2009, ulikuta kwamba watoto walioanza mapema kutumia maneno ya jinsi, hata kabla ya kufikisha miaka miwili, ndio walioongeza kuchezea vitu vya jinsi yao.

Jambo linaloieleza moja kwa moja jioni yangu ya Kibirizi ni jaribio lingine la Martin na Halverson, la mwaka 1983. Waliwaonyesha watoto wa miaka mitano na sita picha, baadhi zikiwa za msichana akifanya jambo la kike au mvulana akifanya la kiume, na baadhi zikiwa kinyume, kama msichana anayepasua kuni kwa msumeno. Baada ya wiki moja watoto waliulizwa walichokiona. Picha za kinyume mara nyingi zilikuwa zimegeuka vichwani mwao: msichana mwenye msumeno alikumbukwa kuwa mvulana, na walikumbuka hivyo kwa uhakika. Basi kaka yangu na turubai lake la dagaa hakusahauliwa kwa uzembe. Alipangwa upya. Mtoto alikuwa na nafasi moja ya baba katika picha ile, nayo ilikuwa karibu na mashine.

Ndiyo maana ushauri unaotolewa sana, kwamba baba aoshe vyombo mara moja moja ili mtoto aone mfano, una udhaifu usiosemwa. Mfano mmoja unaopingana na fungu humezwa na fungu. David Perry na Kay Bussey walilionyesha hili kwa njia ya kuvutia mwaka 1979. Watoto wa miaka minane na tisa waliwatazama watu wazima kadhaa, wanaume na wanawake, wakichagua kati ya vitu viwili vya kawaida kama matunda. Wanaume wote walipochagua kitu kimoja na wanawake wote kingine, watoto walifuata jinsi yao kwa nguvu. Wanaume walipogawanyika, jinsi ya mtu ikapoteza mvuto wake. Mtoto hamwigi mwanamume kwa kuwa ni mwanamume. Anahesabu kwanza kama wanaume wamekubaliana.

Sasa niende kwenye damu, na kwa mkazi wa Kigoma njia ya kwenda huko hupitia Gombe, kaskazini kidogo tu ya mji kwa boti. Elizabeth Lonsdorf, Lynn Eberly na Anne Pusey walichapisha mwaka 2004 uchunguzi wa miaka minne kuhusu watoto 14 wa sokwe wakijifunza kuvua mchwa. Kazi yenyewe ni ya ufundi: sokwe huchuma ujani au kijiti chembamba, hukisafisha, hukiingiza katika tundu la kichuguu, husubiri mchwa waking'ate, kisha hukitoa taratibu asije akawapoteza njiani. Sokwe wa kike walianza kuvua wakiwa na umri wa wastani wa miezi 31, na wa kiume miezi 58. Wa kike walitumia muda mwingi wakimtazama mama, na kina walichoingiza kijiti kilifanana na cha mama zao. Wa kiume walikuwa palepale kwenye kichuguu wakiruka, wakibingirika na kucheza, na walipojifunza hatimaye hawakufuata mtindo wa mama.

Msomaji wa haraka atasema: basi, ni damu. Sokwe hawana mafungu ya “kazi ya akina mama”, hawachekani, na uchunguzi ule haukukuta mama akiwatendea watoto wa kike na wa kiume kwa namna tofauti pale kichuguuni. Lakini tazama kilichotofautiana. Ujuzi wenyewe ulipatikana kwa kutazama, kama nadharia ya kujifunza kijamii inavyodai, ila mvuto wa kukaa na kutazama haukuwa sawa. Tena mwaka 2014 Carson Murray na wenzake, wakitumia kumbukumbu za miongo kadhaa za Gombe hiyohiyo, waligundua kwamba mama mwenye mtoto wa kiume hukaa na sokwe wengine zaidi kuliko mwenye mtoto wa kike, tangu mtoto akiwa na umri wa miezi michache. Kwa hiyo hata msituni, pasipo methali wala jando, mtoto wa kiume na wa kike hawakulii katika mazingira yaleyale. Anayetafuta mahali pa kuitenga damu na malezi kabisa hatapapata hata huko. Na watoto 14 ni wachache, jambo linalopaswa kutuzuia tusiwatwike sokwe wa Gombe mzigo wa kutuamulia nani apike.

Kwa binadamu ushahidi mzito wa homoni unatoka kwa wasichana wanaozaliwa na hitilafu ya tezi adrenali, zile zilizo juu ya figo. Kwa kukosa kimeng'enya kimoja, tezi hizo hushindwa kutengeneza kotisoli ya kutosha na badala yake hutoa androjeni kwa wingi tangu mtoto akiwa tumboni. Ni hali adimu, takriban mtoto mmoja kati ya 15,000 katika nchi zinazopima watoto wachanga, na inahitaji dawa maisha yote. Wasichana hawa hulelewa kama wasichana na wengi wao hujitambua hivyo, lakini huchezea magari na vitu vya kujengea zaidi kuliko dada zao. Je, wazazi ndio wanaowasukuma huko? Vickie Pasterski na wenzake, mwaka 2005, waliwatazama wazazi wakiwa na watoto hao na kuona kinyume: waliwahimiza wachezee vitu vya kike kuliko walivyowahimiza binti zao wengine.

Utafiti uliobadilisha namna ninavyolifikiria suala hili ulichapishwa mwaka 2016 na Melissa Hines na wenzake. Waliacha magari na midoli, wakachukua vitu visivyo vya jinsi yoyote, kisha wakawaambia watoto kwamba hiki ni cha wasichana na kile cha wavulana, au wakawaonyesha wanawake wakichagua hiki na wanaume kile, karibu kama Perry na Bussey walivyofanya. Wasichana wa kawaida walifuata. Wenye hitilafu ile ya tezi hawakufuata kwa kiwango hicho. Homoni za tumboni, basi, hazikufanya kazi kwa kuleta mapenzi ya magari peke yake. Zilipunguza pia uzito ambao mtoto anaupa mfano wa wanawake na tangazo kwamba kitu fulani ni cha wasichana. Biolojia ilionekana ikifanya kazi ndani ya kuiga kwenyewe, mahali ambapo Bandura na Kohlberg walidhani ni uwanja wao.

Nikipima yote haya, naona kwamba kwa mtoto asiye na hitilafu yoyote ya homoni, kilichomo katika fungu la kike au la kiume hutoka karibu chote kwa watu wanaomzunguka, na nguvu inayolilinda fungu hilo dhidi ya ushahidi ni ya akili yake mwenyewe. Homoni huinamisha mizani, lakini hakuna homoni inayojua dagaa. Sehemu nyingine za ziwa hilihili mtu anaweza kukuta kazi ileile imegawanywa vingine, na mtoto wa huko ataitetea kwa uhakika uleule.

Msimu uliopita jirani mmoja mwenye vichanja vingi aliajiri vijana wanne wa kiume kuanika dagaa wake kwa ujira wa siku. Walikuja na reki, wakawasha redio ya simu, wakavua mashati. Mtoto wa kaka yangu, ambaye sasa ana miaka sita, alisimama pembeni asubuhi mbili akiwatazama, na ya tatu aliokota kipande cha ubao, akaanza kuwatawanya dagaa kwenye pembe ya kichanja cha bibi yake bila kuitwa. Dada yake mdogo alipokuja na bakuli lake ili amsaidie, alimzuia kwa mkono. “Wewe ngoja,” alimwambia, “hii kazi ya wanaume.”